Kutafuta kani ya kubana ya koleo la kujifunga kwa kutenganisha vipande vyake

Koleo la kawaida lina vipande viwili na pini moja, na hesabu yake ni fupi: kani ya mkono mara urefu wa mpini, gawa kwa umbali wa taya kutoka kwenye pini. Koleo la kujifunga, lile lenye skrubu nyuma ya mpini na linalobaki limebana hata ukiliachia, halikubali hesabu hiyo. Ndani yake kuna vipande vinne, na kani ya mkono haifiki kwenye taya moja kwa moja. Inapita kwanza kwenye kipande kidogo ambacho wengi hukipuuza, ilhali hicho ndicho kinachoamua jibu.

Hapa tutatatua koleo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa vipimo vilivyochaguliwa ili namba zisisumbue. Koleo lako litakuwa na vipimo vyake, lakini utaratibu ni uleule.

Vipande na vipimo

Lilaze koleo mezani, taya zikielekea kushoto na mipini kulia. Utaona vipande hivi:

- Mwili: mpini wa juu pamoja na taya la juu, vyote kitu kimoja. Skrubu ya kurekebishia imo ndani ya mpini huu, na kwa hesabu yetu ni sehemu ya mwili.
- Taya la chini, linalozunguka kwenye pini A iliyo kwenye mwili.
- Mpini wa chini, ulioshikwa na taya la chini kwa pini B.
- Kiunganishi: kipande kifupi kinachotoka pini D katikati ya mpini wa chini hadi ncha ya skrubu, mahali tutakapopaita E.

Springi ya kufungulia taya tunaiacha. Kani yake ni ndogo mno kulinganisha na zinazofuata.

Weka sifuri kwenye pini A, x ikiongezeka kwenda kulia na y kwenda juu, kwa milimita. Pini B iko (0, −20), yaani chini kabisa ya A. E iko (80, −20). D iko (30, −23). Kitu kinachobanwa kinagusa taya mm 36 kushoto kwa A, na tuchukulie kinasukuma taya la chini wima kwenda chini. Mkono unabana kwenye mstari wa wima ulio mm 110 kulia kwa B, kwa N 50 juu ya kila mpini: mpini wa chini unasukumwa juu, mpini wa juu unasukumwa chini.

Angalia D vizuri. Ukichora mstari kutoka B hadi E, D iko mm 3 chini yake. Hizo mm 3 tutaziita kina, kwa herufi d. Kumbuka pia kwamba N 50 ni ya kila upande, wala si nusu ya N 100. Mkono ukibana, vidole vinasukuma upande mmoja na kiganja upande wa pili kwa kiasi kilekile. Anayeweka N 100 kwa kuhesabu “pande zote mbili” hupata jibu mara mbili ya ukweli.

Kwa nini huwezi kuanza na koleo zima

Jaribu kuandika momenti za koleo zima kuzunguka pini A. Kani mbili za mkono zinafutana, kani mbili za kitu kilichobanwa zinafutana, na unabaki na sifuri sawa na sifuri. Hakuna kosa hapo, ila hujapata chochote. Kani unazozitafuta ni za ndani, na kani ya ndani haionekani mpaka ukate mahali inapopita. Ndiyo maana tunatenganisha vipande na kumpa kila kimoja mchoro wake.

Hatua ya 1: anza na kiunganishi

Chora kiunganishi peke yake. Kinaguswa mahali pawili tu, D na E, na hakuna mkono wala kitu kinachokisukuma katikati. Kipande cha namna hii hakiwezi kutulia isipokuwa kani zake mbili zilingane, zipingane, na zilale kwenye mstari mmoja unaopita D na E. Kwa hiyo mwelekeo wa kani tayari unajulikana kabla ya hesabu yoyote, na kisichojulikana kimebaki kimoja: ukubwa wake.

Kutoka D kwenda E ni mm 50 kulia na mm 3 juu. Basi sehemu ya wima ya kani ni 3/50 ya sehemu ya mlalo, yaani 0.06. Tuite sehemu ya mlalo Q. Kiunganishi kinabanwa kwa urefu wake, kwa hiyo kinasukuma mpini wa chini kwenda kushoto kwa Q na kwenda chini kwa 0.06Q, na kwenye E kinausukuma mwili kwenda kulia kwa Q na juu kwa 0.06Q.

Kosa la kawaida hapa ni kuchora kani ya kiunganishi ikiwa wima, eti kwa sababu mkono unasukuma wima. Mwelekeo wake hautoki mkononi, unatoka kwenye mahali pini zilipo. Na ukikisia mwelekeo kinyume, yaani ukidhani kiunganishi kinavutwa, usijali: jibu litatoka hasi, na hasi hiyo ndiyo inayokuambia. Usirudi nyuma kubadilisha mchoro nusu ya njia.

Hatua ya 2: mpini wa chini

Mpini wa chini una kani tatu: ya mkono, ya kiunganishi kwenye D, na ya taya kwenye B. Ya B hatuijui ukubwa wala mwelekeo, kwa hiyo tunachukua momenti kuzunguka B ili isiingie kwenye mlinganyo.

Ya mkono ni rahisi: 50 × 110 = 5500 N·mm.

Ya kiunganishi inaweza kuhesabiwa kwa sehemu mbili kutoka D, lakini ipo njia fupi isiyoleta makosa ya alama. Kani inaweza kusogezwa popote kwenye mstari wake bila kubadilisha momenti. Uendeleze mstari wa E na D kushoto mpaka ufike chini ya B. Kutoka E umerudi mm 80, na mstari umeshuka 80 × 0.06 = mm 4.8. Hapo sehemu ya wima inapita B penyewe na haina momenti, inabaki ya mlalo tu:

```
4.8 × Q = 50 × 110
Q = 1146 N
```

Kani ya mkono ya N 50 imekuwa zaidi ya N 1100 ndani ya kiunganishi, na sababu ni hizo mm 4.8. Huo ndio mkono mfupi ambao mpini mrefu unapambana nao. Kosa linalotokea sana ni kutumia mm 3 badala ya mm 4.8. D iko mm 3 chini ya mstari, ni kweli, lakini momenti haijali D iko wapi. Inajali mstari wa kani unapita umbali gani kutoka B.

Sasa malizia mpini huu. Mlalo: kiunganishi kinausukuma kushoto kwa N 1146, basi taya kwenye B lazima liusukume kulia kwa N 1146. Wima: kiunganishi kinashusha kwa 0.06 × 1146 = N 68.75, mkono unapandisha kwa N 50, basi B inapandisha kwa N 18.75.

Hatua ya 3: taya la chini

Kwenye B geuza alama zote mbili. Taya lilisukuma mpini kulia na juu, kwa hiyo mpini unalisukuma taya kushoto kwa N 1146 na chini kwa N 18.75. Hii ni kanuni ya tatu ya Newton, kila mtu anaijua, na bado ndiyo inayoharibu mitihani mingi kuliko nyingine yoyote. Tabia inayosaidia ni kuchora michoro yote minne kwenye karatasi moja kabla ya kuhesabu, kila pini ikiwa na mishale yake pande zote mbili inayotazamana kinyume.

Chukua momenti kuzunguka A. B iko mm 20 chini kabisa ya A, kwa hiyo N 18.75 inapita A na haina momenti. Kani ya kubana, F, iko mm 36:

```
36 × F = 20 × 1146
F = 637 N
```

Hilo ndilo jibu: N 50 za mkono zinabana kwa N 637, karibu mara 12.7. Ungetumia hesabu ya koleo la kawaida, 110 gawa kwa 36, ungepata mara 3 na kidogo.

Pini A yenyewe inabeba N 1146 kwa mlalo na 637 + 18.75 = N 655 kwa wima, jumla kama N 1320. Ni zaidi ya mara mbili ya kani ya kubana. Koleo likianza kulegea, itazame pini hiyo kwanza.

Hatua ya 4: tumia mwili kama ukaguzi

Mwili haujatumika, na hiyo ni bahati, kwa sababu sasa unaweza kukagua kazi yako. Wima: A inashusha 655.3, kitu kilichobanwa kinapandisha 636.6, E inapandisha 68.75, mkono unashusha 50. Jumla ni sifuri. Momenti kuzunguka A, tukihesabu chanya kinyume cha mwendo wa saa:

```
E:      80 × 68.75 + 20 × 1145.8 = +28416
kitu:   36 × 636.6               = −22918
mkono:  110 × 50                 = −5500
```

Tofauti inayobaki ni ya kukadiria desimali tu. Ikibaki mamia au maelfu, tafuta pini ambayo mishale yake haikugeuzwa. Mara nyingi utakuta kosa ni mara mbili ya momenti ya kani moja, na hilo linakuonyesha ni ipi.

Kina d kinafanya nini

Hapa ndipo koleo hili linapotofautiana na mashine nyingine za nyenzo. Jibu la N 637 ni la d = mm 3 peke yake. Ukibakiza mkono ule ule wa N 50 na kubadilisha d tu, mm 4.8 inabadilika kwa uwiano uleule:

- d = mm 6: umbali ni mm 9.6, kani ya kubana N 318.
- d = mm 3: umbali ni mm 4.8, kani ya kubana N 637.
- d = mm 1: umbali ni mm 1.6, kani ya kubana N 1910.

Na d ikiwa sifuri, B, D na E zikiwa mstari mmoja, umbali ni sifuri na hesabu inadai kani isiyo na kikomo. Hapo mlinganyo haujakosea, ila umeacha mambo mawili nje: chuma kinajikunja kidogo, na pini zina msuguano.

Tuanze na kujikunja. Sehemu ya B hadi D ina urefu wa kama mm 30 na kiunganishi mm 50. D inapopanda kutoka kina cha mm 3 hadi sifuri, B na E zinasukumwa mbali kwa mm 0.24 tu. Kwenye taya hiyo ni 0.24 × 36/20, yaani mm 0.43. Kwa maneno mengine, sehemu yote ya mwisho ya kufunga mpini inasogeza taya chini ya nusu milimita. Kitu kigumu kikiwa tayari kimeguswa na taya zote mbili, hiyo mm 0.43 lazima itoke mahali fulani: kwenye kitu kinachobonyea, kwenye mwili unaopinda, au kwenye meno ya taya yanayoingia ndani ya chuma. Ugumu wa vyote hivyo kwa pamoja ndio unaoweka kani halisi wakati wa kujifunga. Kani ya mkono ina kazi ya kukufikisha hapo tu.

Ndiyo maana skrubu inahitaji mkono mwepesi. Ikiwa uzi wake unasogea mm 1 kwa mzunguko mmoja, robo ya mzunguko ni mm 0.25, na hiyo inatosha kuvuka masafa yote kutoka “koleo limegusa kitu wakati d ni mm 3” hadi “koleo limejifunga bila kubana chochote”. Mpini ukigoma kufunga, legeza robo mzunguko, usiukanyage. Ukifunga kirahisi kupita kiasi na kitu kinateleza, kaza kiasi hichohicho.

Kuingiza msuguano wa pini

Kwenye koleo la kawaida msuguano wa pini unaweza kuachwa bila madhara makubwa. Hapa hapana, kwa sababu tunagawa kwa umbali mdogo.

Pini yenye kipenyo cha mm 5 na kigawe cha msuguano cha 0.15 huifanya kani isipite katikati yake bali pembeni kwa 0.15 × 2.5 = mm 0.375. Wakati wa kufunga, msuguano kwenye D na E hukiinamisha kidogo kile kilichokuwa mstari mnyoofu wa kani ya kiunganishi: unapita mm 0.375 upande mmoja wa D na mm 0.375 upande mwingine wa E. Ukifuatwa hadi chini ya B, mstari huo umesogea 0.375 + 30 × 0.75/50 = mm 0.825. Pini B yenyewe inaongeza mm 0.375 zake. Jumla ni mm 1.2, na zote zinauongeza umbali ule wa mm 4.8, kwa kuwa msuguano siku zote unapinga mwendo.

Kwa d = mm 3 umbali unakuwa mm 6.0, na kani ya kubana inashuka kutoka N 637 hadi karibu N 509. Moja ya tano imepotea. Kwa d = mm 1 umbali unatoka 1.6 hadi 2.8, na N 1910 inabaki N 1091. Na kwa d sifuri umbali ni mm 1.2, si sifuri tena, kwa hiyo hata pale kwenye mstari N 50 haiwezi kushikilia zaidi ya kama N 2550 ikiwa bado inasukuma kufunga. Msuguano wa pini A unapunguza tena asilimia mbili au zaidi kidogo, nao nimeuacha.

Kwa vitendo, maana yake ni kwamba tone la mafuta kwenye D na E lina thamani kubwa kuliko mpini mrefu zaidi. Pini kavu na yenye kutu, kigawe kikiwa 0.3 badala ya 0.15, huifanya mm 1.2 kuwa 2.4, na kwa d = mm 1 hiyo inakula zaidi ya nusu ya kani.

Baada ya kuvuka mstari

Mpini ukisukumwa zaidi, D inavuka mstari wa B na E na kusimama upande wa pili, mahali kizuizi kinapoigomesha, tuseme mm 0.5 juu ya mstari. Mkono unaweza kuondoka. Tenganisha vipande tena kwa hali hii: kani ya mkono ni sifuri, lakini mpini wa chini sasa una kani ya kizuizi. Kiunganishi bado kinabanwa, ila mstari wake unapita upande mwingine wa B, kwa hiyo momenti yake inazidi kuufunga mpini badala ya kuufungua. Kizuizi ndicho kinachoisawazisha.

Tuseme kitu kimebanwa kwa N 2000. Kutoka kwenye taya, Q = 2000 × 36/20 = N 3600. Umbali kwa mm 0.5 ni mm 0.8, basi momenti inayoshikilia kufuli ni 2880 N·mm. Kuufungua kwenye mm 110 bila msuguano kungehitaji kama N 26. Lakini msuguano umegeuka pamoja na mwendo, na mm 1.2 zake sasa zinapinga kufungua: 3600 × (0.8 + 1.2) = 7200 N·mm, sawa na N 65 kwenye mpini. Zaidi ya nusu ya kani ya kufungulia inatokana na msuguano, na hii ndiyo sababu koleo lililokauka linaweza kuonekana limejifunga barabara ilhali D haijavuka mstari kabisa. Koleo kama hilo hushikiliwa na msuguano peke yake, na mtikisiko wa nyundo au wa mashine huliachia ghafla. Kulikagua, lifunge bila kitu ndani, weka ukingo wa rula kwenye vituo vya B na E, na utazame D iko upande gani.